Wahshi Mbele ya Mtume

Katika vita vya Uhud, mwaka 625, Wahshi, mtumwa wa Kihabeshi aliyeahidiwa uhuru, alimrushia mkuki Hamza, ami yake Mtume Muhammad (S.A.W.), akamuua. Makka ilipokwisha kufunguliwa, alikwenda kwa Mtume akiwa amesilimu. Katika mapokezi ya Bukhari, Mtume alimuuliza kama ndiye aliyemuua Hamza. Tendo likatajwa waziwazi mbele ya aliyelitenda, bila kutafutiwa udhuru. Kisasi hakikulipizwa, na Uislamu wake ukakubaliwa. Kisha Mtume akamwomba, kama anaweza, asimwonyeshe uso wake. Wahshi akaondoka, Mwislamu kama Waislamu wengine.

Kusamehe na kurudisha ukaribu ni mambo mawili, na tunapoyachanganya ndipo tunapowaonea waliodhulumiwa. Mke aliyepigwa akisema amemsamehe mumewe, wazee humwambia basi arudi nyumbani. Lakini kusamehe ni kulifuta deni moyoni, mbele ya Mungu, na hilo analiweza peke yake. Kurudi kunahitaji mume aliyebadilika, na kubadilika huonekana kwa miezi, si kwa machozi ya kikao kimoja. Mke huyo anaweza kumwombea dua mumewe na bado akaendelea kuishi kwa wazazi wake.