Mizani na Shahidi

Je, mizani iliyo sahihi yaweza kumfanya mtu mwaminifu aseme uongo? Yaweza. Chukua kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, ambayo wanakemia huiita haidroksidi ya sodiamu. Gramu 40 zake ni moli moja. Basi gramu 4.00 zikiyeyushwa hata ujazo ufike lita moja, zitatoa mmumunyo wa moli 0.1 kwa lita. Hesabu haina kasoro. Kasoro imo katika kitu chenyewe. Kiweke juu ya mizani nacho huanza kunyonya unyevu, na tarakimu ya mwisho hupanda huku unaitazama. Hunyonya pia hewa ya ukaa, na sehemu ya juu hugeuka kabonati. Mizani yasema kweli juu ya uzito. Haikuulizwa ni uzito wa nini.

Kwa hiyo hutafutwa shahidi. Mmoja anayeaminika ni chumvi iitwayo potasiamu haidrojeni fthaleti, ambayo ni asidi dhaifu. Hukaushwa kwa nyuzi 110 muda wa saa mbili, na ikishapoa haibadiliki ovyo hewani. Tena moli yake ina uzito wa gramu 204.22, hivyo kosa dogo la mizani halina nguvu sana juu yake.

Tuseme umepima gramu 0.5105 za chumvi hiyo, yaani moli 0.0025, ukaiyeyusha katika maji yaliyochemshwa yakapoa, ili hewa ya ukaa iwe imetoka. Unatia matone mawili ya fenolfthaleni, kisha unadondosha kostiki kutoka kwenye bureti. Waridi hafifu ikidumu nusu dakika, simama. Usingoje zaidi, hewa ya ukaa itaifuta, nawe utadhani hujafika. Bureti yaonyesha mililita 25.80. Gawanya 0.0025 kwa lita 0.0258: mmumunyo ni 0.0969, si 0.1. Rudia mara mbili, majibu yakaribiane.

Tofauti ya asilimia tatu ni ya nani? Fikiria muuza mawese ambaye mkataba wake unaruhusu asidi isiyozidi asilimia 5, na mafuta yake yana 4.90. Mpimaji aliyeandika 0.1 kwa kuamini mizani atapata 5.06, na shehena itakataliwa. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Hata hivyo siwezi kumwita mpimaji huyo hana hatia, maana alijua, au alipaswa kujua, kwamba kostiki haijitolei ushahidi.

Wala 0.0969 si ya milele. Mmumunyo huwekwa katika chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri, kwani hula kioo na kukwamisha kizibo chake, na tarehe huandikwa ubavuni. Baada ya wiki chache shahidi huitwa tena.