Jina la Babu: Uaminifu na Uwazi katika Kuwapa Wahusika Majina

Msanii anayeandika riwaya ya vizazi vitatu vya ukoo wa Kikuyu hukabiliwa na madai mawili yanayovutana. Desturi hutaka mwana wa kwanza wa kiume apewe jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Mabinti nao hurithi majina ya nyanya zao kwa utaratibu uo huo. Msomaji, kwa upande wake, hutaka asichanganywe. Je, msanii ana haki ya kuivunja desturi ili msomaji asipotee?

Na ichukuliwe kaya ya Kamau na mkewe Wanjiru, wenye wana watatu: Njoroge, Mwangi na Karanja. Kila mwana akijaliwa mtoto wa kiume, kifungua mimba wa kiume ataitwa Kamau. Hadithi itakuwa na akina Kamau wanne na, kwa njia hiyo hiyo, akina Wanjiru wanne. Isitoshe, majina mengi ya wanawake wa Kikuyu huanza kwa silabi moja. Wanjiru na Wanjiku hutofautiana kwa konsonanti moja tu, na jicho la msomaji aendaye mbio hushika mwanzo wa neno na urefu wake.

Suluhisho jepesi ni kubuni majina yasiyofanana. Hata hivyo, gharama yake ni ya kimaadili, kwa sababu jina katika desturi hiyo ni uhusiano kabla ya kuwa kitambulisho. Mama aweza kumwita mwanawe wa pili "baba", kwa kuwa mtoto huyo amebeba jina la babake mama. Mtoto akipewa jina jingine, heshima na utani huo hukosa mashiko, na jamii husawiriwa kana kwamba iliwasahau wazee wake.

Njia iliyo bora ni kuifuata jamii yenyewe, ambayo haikushindwa kuwatofautisha watu wake. Mjukuu hujulikana kwa mzazi wake: Kamau wa Njoroge, Kamau wa Mwangi. Msimulizi aweza kumwachia babu peke yake jina "Kamau", kisha akawataja wajukuu kwa jina la mzazi au la ubatizo. Hapo ndipo enzi inapodai haki yake. Mzee aliyezaliwa mnamo 1880, kabla misheni ya Kiskoti haijafika Thogoto mwaka 1898, hawezi kuitwa Johana utotoni. Aweza kulipata jina hilo akibatizwa ukubwani, nalo likawa alama ya mgeuko wa maisha yake. Mjukuu aliyezaliwa mwaka 1930 katika nyumba ya Kikristo aweza kuwa nalo tangu uchanga.

Mbinu hii ina mpaka wake. Akina Kamau wawili wakikutana katika onyesho moja, majina hayatoshi. Sharti usemi, umri na cheo cha ukoo vimtambulishe kila mmoja. Msanii na ayafunike majina katika mazungumzo hayo, kisha ayasome upya. Asipoweza kumtambua msemaji, kosa si la desturi: wahusika hao bado ni mtu mmoja.