Askari wa b4: nasaha kwa vijana wa sataranji

Wanangu, kila mnapokaa mbele ya ubao naona mmegawanyika makundi mawili. Kuna anayekula kila askari anayewekwa mbele yake, akiamini kwamba asiyekula ni mwoga. Mwingine akiona askari ametolewa bure anaogopa mtego, anarudi nyuma hata pale ambapo kula kungemfaa. Wote wawili hawajahesabu. Leo nataka niwafundishe kuhesabu, na nitatumia gambiti moja tu, ile ya Evans, kwa sababu ndani yake bei ya askari inaonekana wazi kuliko kwingine kote ninakokujua.

Evans alikuwa nahodha wa meli, Mwelisi, jina lake kamili William Davies Evans. Katika miaka ya 1820 alibuni wazo hili, akalicheza London dhidi ya Alexander McDonnell, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji wakali wa mji ule. Pangeni ubao mfuate. Mweupe anasogeza askari e4, Mweusi anajibu e5. Farasi wa Mweupe anatoka f3, farasi wa Mweusi c6. Askofu wa Mweupe anakwenda c4, wa Mweusi c5. Mpaka hapo kila mmoja ametoa kete zake kwa adabu na hakuna anayemdai mwenzake. Kisha, katika mwendo wa nne, Mweupe anasukuma askari wake mpaka b4, mbele ya mdomo wa askofu, na hakuna kete inayomlinda.

Tuseme Mweusi anamla kwa askofu. Mweupe anasogeza askari wa c mpaka c3, na askofu anapaswa kukimbia, tuseme a5. Mweupe anasukuma d4. Simameni hapo, msiendelee. Hesabuni zamu. Mweusi amecheza mara tano: askari mara moja, farasi mara moja, na askofu yule yule mara tatu. Zamu mbili kati ya tano zimekwisha kwa kumlisha askofu na kumkimbiza. Mweupe naye, kila alichokigusa kimefanya kazi. Askari wa c3 alimfukuza askofu na papo hapo akaandaa njia ya d4. Sasa askari wa d4 na e4 wanashika katikati ya ubao, askofu wa c4 anakodolea macho mraba wa f7, ambao mwanzoni mwa mchezo hulindwa na mfalme peke yake, na mshazari wa kutoka a3 hadi f8 umefunguka kwa sababu askari wa b hayupo tena. Askofu wa pili wa Mweupe akifika a3, mfalme mweusi atapata taabu kuvuka f8 kwenda kujificha pembeni.

Hivyo ndivyo askari mmoja alivyonunua. Wazee wa mchezo huu walikuwa na kipimo chao: askari mmoja ni kama zamu tatu. Kipimo hicho si sheria, lakini kinasaidia. Ukimtoa askari ukapata zamu moja tu, umedhulumiwa. Ukipata mbili, pamoja na katikati ya ubao, pamoja na mshazari ulio wazi kuelekea kwa mfalme, biashara inaanza kueleweka. Na mali hii ya zamu ina kasoro moja kubwa: haikai. Askari uliyemla utakuwa naye hata mwendo wa hamsini, lakini zamu mwenzako akizipata zikamtosha kutoa kete zote na kumficha mfalme, ubora wako umeyeyuka na umebaki na upungufu. Ndiyo maana anayetoa gambiti hana ruhusa ya kucheza taratibu, wala ya kubadilishana kete ovyo.

Tazameni sasa mchezo uliochezwa Berlin mwaka 1852, Adolf Anderssen akiwa Mweupe na Jean Dufresne Mweusi. Walifika pale tuliposimama. Dufresne akamla askari wa d4 kwa askari wake wa e. Anderssen hakumrudia, alimficha mfalme pembeni pamoja na ngome. Dufresne akasukuma askari wake mbele hadi d3, akiwa na askari wawili zaidi. Anderssen akamtoa malkia hadi b3, akaungana na askofu wa c4 kuilenga f7. Malkia mweusi akaja f6 kuilinda, na askari wa Mweupe akasonga e5 kumfukuza.

Hapa kijana yeyote angejiuliza: kwa nini Mweusi asimle askari huyu wa e5 kwa farasi wa c6? Jaribuni. Farasi anakula, ngome nyeupe inakuja e1, na farasi ananasa, kwani akiondoka mfalme wake wa e8 anabaki mbele ya ngome. Mweusi anamsaidia kwa askari wa d6. Malkia mweupe anaruka b5, cheki, na kwa mwendo huo huo anamshika askofu wa a5 asiye na mlinzi. Farasi hawezi kurudi c6 kuziba kwa sababu amenaswa. Askofu amepotea. Dufresne aliliona hilo, akampeleka malkia g6. Ngome ikaja e1, farasi mweusi wa pili akatoka e7, na askofu wa Mweupe akafika a3.

Huo ulikuwa mwendo wa 11. Mweupe amebakiza nyumbani farasi mmoja na ngome moja tu. Mweusi ana askofu mmoja, ngome zote mbili na mfalme ambao hawajagusa popote. Dufresne akaona hatari, akaamua kurudisha askari ili apate nafasi ya kushambulia: alimtoa wa b5, malkia mweupe akamla, na ngome nyeusi ikapata safu ya b. Baadaye askari wa d3 naye akaliwa. Mwendo wa 16 ulipokwisha kwa upande wa Mweupe, askari walikuwa sita kwa sita.

Nawaomba mkae hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Deni lilikuwa limelipwa lote. Mweusi hakuwa na askari wa ziada tena, lakini mfalme wake alikuwa bado e8. Alirudisha mali bila kununua usalama. Anderssen akatoa farasi f6, akafungua safu ya e kwa askari wake, kisha akatoa ngome e7 na malkia d7 mfululizo, na maaskofu wake wawili wakamfunga mfalme katika mwendo wa 24. Wakati huo malkia mweusi alikuwa f3 akisubiri zamu moja tu ya kula g2 na kumaliza mchezo yeye. Zamu hiyo haikuja.

Kwa hiyo, wanangu, swali si kama ukubali au ukatae tu. Swali la anayekubali ni hili: nitamrudisha lini, na kwa bei gani?

Emanuel Lasker, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1894 mpaka 1921, alilijibu vizuri. Rudini pale Mweupe aliposukuma d4, askofu mweusi akiwa a5. Badala ya kula, Mweusi anasogeza askari d6 kuishikilia e5. Mweupe anamficha mfalme. Mweusi anamrudisha askofu b6, na huo ndio mwendo wenyewe wa Lasker. Mweupe akitaka askari wake, njia iko wazi: anakula e5, Mweusi anarudia kwa askari wa d, malkia wanakulana d8, farasi mweusi anarudia, na farasi mweupe anakula e5. Askari sita kwa sita tena. Lakini tazama tofauti na Berlin. Malkia hawapo, na bila malkia yale mashambulizi ya f7 na mshazari wa a3 yamepoteza meno. Zaidi ya hapo, askari wa Mweupe wa a2 na c3 wamebaki wapweke, hakuna askari jirani wa kuwalinda, wakati askari wa Mweusi wamekaa makundi mawili mazima, matatu kwa matatu. Deni limelipwa, na safari hii kilichonunuliwa ni mwisho wa mchezo ulio mzuri kwa Mweusi.

Mweupe mwerevu hatakubali kulipwa hivyo. Mara nyingi atampeleka malkia b3 kabla ya kumficha mfalme, na Mweusi atalinda kwa malkia d7. Mapambano yanaendelea. Ila Mweusi sasa anajua anachotafuta: kubadilishana malkia, mfalme pembeni, na askari wa ziada awe fedha ya kununulia mambo hayo, asiwe kitu cha kukumbatiwa. Wilhelm Steinitz alikuwa hodari wa kumshikilia askari kwa ukaidi, na katika mechi yake na Mikhail Chigorin mjini Havana mwaka 1889 alishinda mechi, lakini gambiti ya Evans ilimtesa.

Ukichagua kukataa, kataa kwa mwendo wenye kazi. Askofu anarudi b6, akiendelea kuielekea f2. Mweupe akisukuma a4, mjibu kwa a6 bila kuchelewa, maana anataka kusukuma a5 na askofu wako atakosa nyumba nzuri. Ukifanya hivyo uko salama, na Mweupe ameshasogeza askari wawili wa pembeni ambao hawajatoa kete yoyote. Mimi humshauri kijana anayeanza akatae kwanza, mpaka atakapoweza kucheza njia ya Lasker bila kutazama kitabu.

Na msidhani mambo haya yamekufa pamoja na nahodha. Mwaka 1995 mjini Riga, katika mashindano ya kumkumbuka Mikhail Tal, Garry Kasparov alimtolea Viswanathan Anand askari huyo huyo wa b4. Anand alikubali, na askofu wake akarudi e7, mahali pa tahadhari. Baada ya kulana d4, Kasparov alirudia kwa malkia, akamhamishia h4 kisha g3, akiitishia g7. Anand akalazimika kusogeza askari g6, na miraba ya giza kuzunguka mfalme wake ikawa dhaifu. Alijisalimisha baada ya mwendo wa 25. Mchezaji mkubwa kuliko sisi sote hapa alimkubali askari na hakupata nafasi ya kumrudisha kwa bei nzuri.

Mkienda nyumbani, pangeni mchezo wa Berlin mpaka mwendo wa 16, kaeni upande wa Mweusi, na tafuteni ni wapi kabla ya hapo mngemwondoa mfalme e8. Mtakayoyapata yaandikeni, mje nayo Jumamosi tuyajaribu ubaoni.