Mtoto Aliyesikia Hesabu Nusu

Nyumba nyingi za mitaa ya Songea hazina dari. Ukuta wa chumba unaishia kwenye kenchi, na kutoka hapo hadi kwenye bati ni uwazi mtupu unaopitisha sauti toka chumba kimoja hadi kingine. Wazazi hufunga mlango, wakashusha sauti, wakaamini wamejificha. Mtoto aliyelala upande wa pili anasikia karibu kila neno, hasa usiku ambao mvua haipigi bati.

Kisa nitakachokisimulia nimekitunga, lakini kila kipande chake kipo katika nyumba za huko. Ni Januari, pale Lizaboni. Kijana wa miaka 13 amefaulu darasa la saba na amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Baba yake ni fundi ujenzi, na pia analima ekari mbili za mahindi nje ya mji. Mama anauza mboga sokoni na ni mwanachama wa kikoba. Nyumbani wako watu watano, na stoo ina magunia sita ya mahindi ya msimu uliopita.

Januari ndiyo mwezi unaobana zaidi mkoani Ruvuma. Mvua ilianza Novemba, mahindi yamefika magotini na yanataka mbolea ya kukuzia. Yakicheleweshewa wiki chache, yanaanza kuwa ya njano na mavuno yanapungua. Mwezi huohuo shule zinafunguliwa. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, viatu na madaftari vimebaki juu ya mzazi. Kazi za ujenzi nazo hupungua wakati wa mvua.

Usiku ule baba alitaka auze magunia matatu anunue urea. Mama akakataa: magunia yakibaki matatu, chakula kinaishia Machi, na mahindi ya shambani bado hayajakomaa. Baba akauliza pesa ya kikoba ilikwenda wapi. Mama akajibu kwamba yeye ndiye aliyelipa deni la mbegu. Sauti zikapanda, kisha baba akasema neno lililompata kijana upande wa pili wa ukuta: “Tangu huyu afaulu, nyumba hii haina pumzi.”

Alikuwa anazungumzia mahitaji. Mtoto alisikia kwamba tatizo ni yeye.

Hapa ndipo wazazi wengi tunapokosea hesabu. Tunadhani mtoto aliyesikia ugomvi anaogopa tu kelele, kwa hiyo asubuhi kukiwa kimya tunaona yamekwisha. Lakini mtoto wa umri huo hupokea nusu ya hesabu, na nusu iliyopungua huijaza mwenyewe, mara nyingi kwa jina lake. Dalili zake hazina makelele. Kijana huyu aliacha kuomba nyongeza ya ugali. Alisema viatu vya darasa la saba bado vinamtosha, ilhali vidole vimekunjamana ndani. Siku ya tatu akaondoka alfajiri bila kuaga, akaenda kufanya kibarua cha palizi kwenye shamba la jirani, na jioni akaificha elfu tatu chini ya godoro. Mzazi anayeyaona hayo na kusema “mtoto wangu amekuwa na akili” ameisoma dalili kinyume. Huyo ni mtoto aliyeanza kujiondoa kwenye bajeti ya nyumba.

Baada ya siku kadhaa aliamua kusema. Alichagua wakati wa jioni, baba akiwa amekwisha kula, akaketi kwenye mkeka karibu na mama yake.

“Baba, mama, naomba niseme jambo. Usiku ule niliwasikia. Kama ni shule ndiyo inayowagombanisha, mimi sitaenda. Nitafanya kibarua.” Akaziweka zile elfu tatu mbele yao.

Baba alitaka kusema kile ambacho wengi wetu tumeambiwa tangu utoto, kwamba mambo ya wakubwa hayamhusu. Kama angesema hivyo, mtoto angenyamaza na kuondoka na uamuzi wake uleule. Nami nasema bila kusita kwamba baba asingekuwa na haki ya kumfunga mdomo. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Kifungu cha 8 kinamtwika mzazi wajibu wa kumtunza, na elimu imo ndani ya wajibu huo. Kwa hiyo mtoto ana haki ya kusema, ila hana mzigo wa kulipa. Mambo haya mawili lazima yaende pamoja, maana wapo wazazi wanaosikiliza vizuri kisha wakaipokea sadaka ya mtoto.

Mama ndiye aliyemrudishia pesa yake. “Hii ni yako, mwanangu. Shule utakwenda. Sasa kaa uone tulichokuwa tunagombania.” Baba akachukua daftari la zamani na kalamu. Akaandika: mifuko miwili ya urea 140,000, mahitaji ya shule 110,000, marejesho ya kikoba 60,000. Jumla 310,000. Mkononi walikuwa na 200,000. Kijana akatazama mistari ile kwa muda mrefu. Mstari wa shule haukuwa mkubwa kuliko yote, na hata bila shule, mbolea na deni la kikoba vingekuwapo. Alikuwa ameishi siku zile akiamini yeye ndiye mzigo wote.

Waliendelea kupiga hesabu. Watu watano walimaliza gunia moja kwa mwezi, hivyo matano yangewafikisha mwisho wa Mei na moja lilikuwa la ziada. Likiuzwa 80,000, pengo linabaki 30,000. Mama akasema atawaomba wenzake wa kikoba wapokee nusu ya marejesho mwezi huu. Hilo lilikuwa gumu kwake, kwa sababu mkopo wa kikoba unasimama juu ya uaminifu mbele ya majirani, lakini liliwezekana.

Wazazi hawa walimpa mtoto habari kwa kiasi kinachomtosha, kisha wakaishia hapo. Hawakumwuliza nani kati yao ana makosa. Hawakumtuma kwenda kumwambia baba hili au mama lile. Hawakumtajia maneno makali ya mdai. Mtoto anayefanywa hakimu au tarishi wa wazazi wake hulazimika kumsaliti mmoja kila anapofungua mdomo, na hilo ni zito kuliko kutojua chochote. Baba aliongeza jambo moja: “Lile neno nililolisema usiku halikuwa la kweli.” Bila hilo, hesabu yote ingebaki nusu.

Kuna nyumba ambazo njia hii haifai. Pale pesa inapoishia kwenye pombe, au ugomvi unapofika kwenye ngumi, mtoto asiingie katikati wala asiambiwe kuwapatanisha wakubwa. Anapaswa kumwendea bibi, mjomba au jirani anayemwamini, na mtu mzima huyo alifikishe jambo kwa ofisa ustawi wa jamii au kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Mtoto mwenyewe pia anaweza kupiga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto nchini Tanzania, na simu hiyo haina malipo.

Nawe mzazi uliyegombana jana usiku, usingoje mtoto aje na elfu tatu mkononi. Mwite leo kabla hajalala, mwambie mlichokuwa mnagombania, na mwambie kwamba si yeye.