Lawama Ifuate Tendo, Isifuate Alama

Matokeo ya muhula yakitoka, kuna swali ambalo karibu kila mtoto wa Kenya ameulizwa: "Kwani huyo wa nambari moja ana vichwa viwili?" Swali hili halina jibu. Ukisema "hapana", umejishtaki mwenyewe. Ukinyamaza, una kiburi. Ni swali linalotaka mtoto ajisikie mdogo, na huwa linafaulu.

Nataka kuuliza swali lingine, la kimaadili: mzazi anapompigia mtoto kelele kwa sababu ya alama, anamlaumu kwa kosa gani hasa? Si swali la sheria. Kwa upande wa shule sheria imeshasema: kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza mwanafunzi kutendewa ukatili au kudhalilishwa, iwe ni kwa mwili au kwa akili. Lakini ripoti fomu husomwa nyumbani, usiku, mlango ukiwa umefungwa. Hapo mzazi anabaki na dhamiri yake tu.

Nimekaa Kwa Vonza, Kitui, miaka kadhaa, kwenye ploti za kukodi karibu na chuo kikuu cha SEKU. Jioni huwa nasaidia watoto wa majirani na hesabu. Hapa alama zina uzito wake. SEKU ilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, na mtoto wa hapa huona wanafunzi wake kila siku, wakinunua chapati, wakipanda boda. Mzazi naye anawaona. Chuo kiko hapo ng'ambo ya barabara, na njia ya kuingia ni karatasi ya mtihani. Karo inatoka kwenye ndengu ikiwa mvua imenyesha vizuri, na kwenye mbuzi ikiwa haikunyesha. Kwa hivyo mzazi anayepiga kelele si lazima awe mtu mbaya. Mara nyingi ni mtu aliyeogopa. Ameona mbuzi wawili wameenda na kilichorudi ni 27.

Hiyo 27 ni ya kweli. Ilikuwa ya msichana wa Kidato cha Pili, jirani yangu, mwisho wa muhula wa pili wa 2024. Hesabu, 27 kwa 100. Baba yake alipaza sauti hadi ploti nzima ikajua. "Wewe ni mvivu! Unakula tu hapa!" Kesho yake nikamuuliza msichana karatasi ya mtihani iko wapi. Akasema imepotea. Siku ya tatu akaileta. Ilikuwa chini ya godoro, imekunjwa mara nne.

Hapo ndipo nilipoanza kuona tatizo la kelele lilipo. Watu husema kelele ni mbaya kwa sababu inaumiza moyo, na ni kweli. Lakini inafanya jambo lingine ambalo mzazi mwenyewe hatalipenda akilijua: inaficha karatasi. Alama ni namba tu, haisemi chochote kuhusu kilichoharibika. Karatasi ndiyo inayosema. Nyumba yenye hofu hupata namba, kwa sababu shule inaituma, lakini karatasi haiioni ng'o.

Tulikaa na ile karatasi mimi na yeye, tukahesabu zile alama 73 zilizopotea, moja baada ya nyingine. Tulizigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza: maswali aliyoyaacha wazi kwa sababu hakujua pa kuanzia. La pili: aliyoyajaribu kwa njia isiyo sahihi. La tatu: aliyoyajua, akateleza, kama kunakili 6 ikawa 9 au kusahau swali linataka jibu kwa sentimita.

Fungu la tatu lilikuwa na alama 18. Hakuna mtihani usiokuwa na hizo.

Fungu la pili lilikuwa na alama 24, na karibu zote zilitoka kwenye kosa moja. Akikutana na 7 − 2(x − 3), alikuwa akiandika 7 − 2x − 6, halafu 1 − 2x. Alijua kwamba 2 inazidisha kila kilicho ndani ya mabano. Hakujua kwamba alama ya kutoa iliyo mbele inaingia nayo, kwa hivyo kutoa 3 kunageuka kuwa kuongeza 6. Jibu ni 13 − 2x. Kosa hilo lilimfuata kwenye milinganyo, kwenye grafu, kila mahali palipo na mabano. Mtu akisema huyu ni mvivu, karatasi inamkatalia: alikuwa amefanya kazi ndefu, ukurasa mzima, kwa mkono safi, akibeba kosa lilelile toka mwanzo hadi mwisho. Mvivu haandiki ukurasa mzima.

Fungu la kwanza ndilo lililonifunga mdomo. Alama 31, na nyingi zilikuwa za trigonometria. Nikamuuliza, "Hii hamkufundishwa?" Akaangalia chini. "Walifundishwa, anti. Mimi nilikuwa nyumbani." Wiki mbili za Juni alikuwa amerudishwa kwa sababu ya karo. Pesa za ndengu za Januari zilikuwa zimeisha.

Sasa rudi kwenye lile neno "mvivu" ulipime. Lawama ya haki hutaka kitu mtu alichochagua kufanya, au kuacha, huku akiweza kufanya vingine. Alama haichaguliwi na mtu. Ni mwisho wa mambo mengi: mengine ya mtoto, mengine ya mwalimu, mengine ya mvua. Kati ya zile 73, sehemu kubwa ilikuwa imetokana na siku ambazo baba mwenyewe alishindwa kulipa, naye hakuwa na kosa pia. Binti alijua hivyo. Kwa nini hakusema usiku ule? Kwa sababu kwenye nyumba yenye kelele, ukweli huo ungesikika kama matusi kwa baba. Akachagua kuitwa mvivu.

Simaanishi mtoto asilaumiwe kamwe. Kama alitoroka darasa akaenda kukaa sokoni, hilo ni tendo, na mzazi ana haki ya kukasirika. Lakini akasirikie kutoroka, hata kama mtoto alipata 80. Lawama ifuate tendo, isifuate alama. Mzazi anayefuata alama atamsifu mwizi wa majibu na kumtukana aliyejaribu.

Najua jibu la wazee: "Sisi tulipigiwa kelele, na tukapita." Na kuna wanaoapa kwamba wameona kwa macho yao, walifoka Agosti, alama zikapanda Novemba. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2002, alisimulia jinsi alivyokutana na hoja hiyohiyo kwa wakufunzi wa marubani wa jeshi la Israeli. Walimwambia kwamba wakimsifu rubani, safari ya pili anaboronga, na wakimfokea, anaboresha. Kahneman akawaonyesha kwamba hilo lingetokea hata wangenyamaza. Aliyefanya vibaya kuliko kawaida yake ana nafasi kubwa ya kurudi kwenye kawaida yake mara ijayo, na aliyefanya vizuri kupita kawaida ana nafasi kubwa ya kushuka. Mzazi hufoka pale tu mtoto anapokuwa chini kabisa. Akipanda kidogo, kelele inachukua sifa isiyo yake.

Hofu yenyewe nayo ina gharama ndani ya chumba cha mtihani. Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walichapisha mwaka 2001 utafiti kuhusu watu wanaoogopa hesabu. Waligundua kwamba wasiwasi unakula nafasi ileile ya akili tunayotumia kushikilia hatua moja tukifanya nyingine, kama kubeba moja kwenye kujumlisha. Fikiria 7 − 2(x − 3) tena: ushike 7, ushike alama ya kutoa, uzidishe, ukumbuke kugeuza. Ukiwa pia umeshika sauti ya baba, kimoja kati ya hivyo kitaanguka.

Hofu ya aina hii unaweza kuitambua mezani. Mtoto anasema "nimeelewa" kabla hujamaliza sentensi. Anafuta hesabu hadi karatasi inatoboka. Akijibu, haangalii kitabu, anaangalia uso wako, ajue kama amepatia. Huyo hasomi hesabu tena. Anakusoma wewe.

Basi mzazi afanye nini, hasa yule aliyeishia darasa la nane? Kwanza, usiku wa matokeo asiseme lolote kuhusu matokeo. Kesho yake aombe karatasi, si namba: "Nionyeshe mahali palipokushinda." Wagawe yale mafungu matatu pamoja, kwa sababu mtoto mwenyewe ndiye anayejua lipi hakulijua na lipi aliteleza. Halafu wachague kosa moja tu. Sisi tulichagua mabano. Dakika ishirini kila jioni, jioni nne, maswali sita mapya, kitabu kimefungwa.

Na kuna njia ya kukagua isiyohitaji mzazi ajue aljebra. Weka namba mahali pa x. Ukiweka 3, 7 − 2(3 − 3) inakuwa 7. Jibu lake la zamani, 1 − 2x, linatoa −5. Jibu la 13 − 2x linatoa 7. Kinacholingana ndicho sahihi. Nilimwonyesha msichana hilo na nikaona mabega yake yakishuka. Kumbe kulikuwa na kitu kinachoweza kumwambia amekosea bila kumpigia kelele.

Kwenye jaribio lililofuata alipata 41. Mabano yalikuwa sawa karibu yote. Trigonometria ilikuwa bado tupu, maana mada ya wiki mbili haifidiwi kwa dakika ishirini. Ilitaka mwalimu wake. Hilo nilimwambia baba mtu, nikiwa nimeishika ile karatasi. "Mzee, hapa si uvivu. Angalia tarehe." Aliangalia muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mwalimu wa hesabu anaweza kumpa binti yake nusu saa baada ya vipindi, na kama hiyo inalipiwa.

Swali hilo lina jibu.