Simu Sita za Bei Rahisi

Katika mtaa wa Kadutu, mjini Bukavu, palikuwa na mwenye duka mmoja, mkatekumeni aliyengojea ubatizo wa Pasaka. Jioni moja kijana asiyemjua alimletea simu sita. Simu za namna ile huuzwa dola 100. Yeye aliomba dola 30 kwa kila moja. Hazikuwa na masanduku wala waya za kuchajia, tena mbili zilifungwa kwa neno la siri, naye kijana akasema amelisahau. Mtu aweza kusahau neno la siri la simu yake, lakini la simu mbili kwa siku moja? Moyo wa mwenye duka ulimshtuka, lakini hakuuliza kitu. Akalipa dola 180.

Siku ya tatu alikwisha kuuza mbili, kila moja kwa dola 70. Ndipo mama mmoja mwuguzi alipokuja kununua sabuni, akaiona simu yake kabatini.

“Baba, hii ni yangu.”

“Mama, nimeinunua kwa feza zangu.”

Mama hakugombana naye. Alikwenda nyumbani, akarudi na sanduku la simu, akamwomba aandike *#06#. Mwizi alikuwa amekwisha kufuta picha na majina yote, lakini namba ambayo kila simu hupewa kiwandani haifutiki pamoja nayo. Zikatokea tarakimu 15. Wakazisoma moja moja, zikalingana zote na zile za sandukuni.

Mwenye duka akataka arudishiwe kwanza dola zake 30. Wakaenda kwa katekista.

“Mwalimu, mimi nami nimeibiwa!”

“Ndiyo, mwanangu, lakini deni lako liko kwa yule kijana, si kwa mama huyu. Anayenunua pasipo shaka hana kosa la mwizi. Ila tangu saa anapojua, anashika mali ya mwingine. Nawe ulikuwa na shaka, ukanyamaza kwa ajili ya faida.”

Akamweleza kwamba Katekisimu ya 1992, katika namba 2412, yawataja hata waliopokea vitu vya wizi kati ya wale wanaopaswa kurudisha, kila mtu kwa kadiri ya kosa lake.

Mama akapewa simu yake bila malipo. Zile tatu zilizobaki mwenye duka alizipeleka polisi pamoja na namba zake, akapewa karatasi. Lakini zile mbili zilizouzwa zilimtesa zaidi. Mnunuzi wa kwanza alikuwa jirani. Alimrudishia dola 70 zote, akaipeleka simu polisi. Wa pili alikuwa msafiri wa Uvira, asiyejulikana jina. Mwenye duka alimwuliza katekista afanye nini.

“Umtafute. Usipompata, dola zile 70 usizihesabu kuwa zako. Uzitunze kwa ajili ya mwenye simu. Naye asipoonekana kabisa, ni za maskini.”

Jumamosi ile alizifunga katika karatasi, akawatuma salamu madereva wa Uvira, naye bado anangojea jibu.