Milango Ifungwe Kabla ya Giza

Usiku wa kuamkia Januari mosi, hapa Isiolo, kanisa letu hujaa kuanzia saa tatu. Watoto hulala juu ya leso chini ya viti, akina mama hutoa shuhuda, na saa sita inapogonga tunakumbatiana huku honi zikilia barabara ya Moyale. Kabla ya hapo huja ile nafasi ambayo kila mtu humwahidi Mungu jambo. Kwa miaka mitatu mfululizo mimi nimeahidi lile lile: mwaka huu sitakopa tena.

Katika kesha lililopita, mhubiri alitufungulia kitabu cha Nehemia, nami tangu hapo sijaacha kukitafakari.

Katika sura ya kumi, watu wa Yerusalemu waliweka agano kwa maandishi, na viongozi wao wakalitia muhuri. Hawakuandika kwamba watakuwa watu wema. Waliandika mambo yanayoweza kukaguliwa: siku ya Sabato hawatanunua bidhaa kwa wageni, kila mtu atatoa theluthi ya shekeli kwa mwaka kwa ajili ya hekalu, kuni za madhabahu zitaletwa kwa zamu, na zamu hizo zitapangwa kwa kura. Mtu asipoleta kuni, jirani yake angejua.

Hata hivyo agano hilo lilivunjwa. Nehemia alisafiri kwenda kwa mfalme, na aliporudi, sura ya kumi na tatu inasimulia alichokikuta. Walawi hawakuwa wamepewa posho yao, wakawa wamerudi mashambani kutafuta chakula. Chumba cha kuwekea zaka alikuwa amepewa Tobia, aliyekuwa adui wa kazi ya kujenga ukuta wa mji. Siku ya Sabato watu wanakamua zabibu, na wachuuzi wa Tiro wanauza samaki ndani ya mji. Yaliyovunjwa ni yale yale yaliyotiwa muhuri.

Hapo ndipo mhubiri alipotutaka tumtazame Nehemia kwa makini. Hakuwaita watu watunge agano jipya lenye maneno makali zaidi. Alitupa nje vyombo vya Tobia, akawarudisha Walawi kazini, akaweka watu waaminifu wa kusimamia ghala. Kuhusu Sabato, aliamuru milango ya mji ifungwe giza linapoanza kuingia, kabla Sabato haijafika, akawaweka vijana wake walinde. Wachuuzi wakalala nje ya ukuta mara moja au mbili, akawaonya, wakaacha kuja. Hakungoja watu washindane na harufu ya samaki sokoni asubuhi. Alifunga mlango jioni.

Wamethodisti, ambao kanisa lao lilifika kwa jirani zetu wa Meru mwaka 1912, nao wana desturi ya kurudi kwenye agano la zamani badala ya kutunga jipya. Tarehe 11 Agosti 1755, huko London, John Wesley aliwaongoza watu wapatao 1,800 kusimama na kufanya agano na Mungu. Ibada hiyo ya agano ilikuja kuwa ya kila mwaka, na wengi huifanya mwanzoni mwa Januari. Agano ni lile lile, nao hulirudia kwa sababu binadamu husahau. Nalo hufanywa kanisani, mbele ya wenzao, baada ya kutubu.

Nikiwa nimekaa pale nilielewa kwa nini ahadi yangu imekufa mara tatu. Niliahidi kutokopa kesho, huku deni la jana nikilipita kila siku barabarani. Kuna mama anayeniuzia maziwa ya ngamia karibu na stendi. Katika daftari lake jina langu lilikuwa na deni la shilingi 1,800, na kila nikimwona nilikuwa nikivuka upande wa pili. Sikuhitaji ahadi mpya. Nilikuwa na ahadi ya zamani kwa mtu ninayemjua, ambaye ana watoto wa kulisha.

Asubuhi ya Januari mosi nilikwenda kwake kabla sijabadili nguo za kesha. Nilimwamkia, nikamwomba radhi kwa kumkwepa, nikampa mia tatu. Nilimwambia nitaleta mia tatu nyingine kila Jumamosi hadi deni liishe, na nikamsihi asinipe maziwa ya mkopo hata nikimbembeleza. Huo ndio mlango wangu, na ufunguo nilimwachia yeye, kwa maana najijua.

Alitoa daftari, akaandika 1,500 chini ya ile 1,800. Kisha akanitazama.

"Baba, Jumamosi nitakuwa hapa hapa," akasema.

Zimebaki Jumamosi tano.